Noti ya mtaji uliolindwa, au ujiundie mwenyewe kwa hati fungani na opsheni?

Ofa huja hivi: weka dola 10,000 kwa miaka mitano. Soko likianguka, siku ya mwisho unarudishiwa dola 10,000 zako zote. Soko likipanda, unapata asilimia 65 ya kupanda kwa kipimo cha hisa za makampuni makubwa 500 ya Amerika, fahirisi ya S&P 500. Benki nyingi kubwa za Amerika na Ulaya huuza noti za namna hii, na Waswahili walioko huko au Ghuba huletewa mezani mara tu akiba yao inapoanza kuonekana. Kwa mtu aliyetuma pesa nyumbani miaka yote na hatimaye akabakiwa na kitu, maneno "mtaji wako hauguswi" yana mvuto mkubwa, na si ajabu.

Noti hii si kitu kimoja. Ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, na kila kimoja kina bei yake sokoni. Ukijua kuvitenganisha utaona benki inakutoza kiasi gani, kisha utaweza kuiweka noti kando ya njia nyingine tatu za kufanya jambo lilelile au linalokaribiana nalo: kununua vipande hivyo viwili mwenyewe, kununua hati fungani na kidogo cha mfuko wa fahirisi, au kuweka zote kwenye hati fungani peke yake. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho ili hesabu zisitupotee.

Kipande cha kwanza: hati fungani isiyo na kuponi

Aliyewahi kununua dhamana za serikali za muda mfupi pale Benki Kuu, Dar es Salaam au Nairobi, anaijua tayari. Unalipa pungufu leo, unalipwa kamili siku ya kuiva, na katikati hakuna riba inayoingia. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo riba yako. Hati fungani isiyo na kuponi ni hiyohiyo, ila muda wake unaweza kuwa miaka mitano, kumi au thelathini. Kwa serikali ya Amerika zinaitwa STRIPS, na zipo tangu mwaka 1985: madalali huchukua hati fungani ya kawaida ya Hazina, wakaikata, na kila malipo yake yakauzwa peke yake.

Tuseme riba ya miaka mitano ni asilimia 4 kwa mwaka. Ili upate dola 10,000 baada ya miaka mitano, leo unahitaji 10,000 ugawanye kwa 1.04 iliyozidishwa kwa yenyewe kwa miaka mitano, yaani 1.2167. Jibu ni dola 8,219. Hapo ndipo ahadi ya kurudisha mtaji inapotoka. Hakuna mtu anayeubeba mtaji wako juu ya kichwa asiuangushe. Ni dola 8,219 zilizokopeshwa kwa riba zikakua hadi 10,000. Zinabaki dola 1,781.

Kipande cha pili: opsheni ya kununua

Dola 1,781 zilizobaki ndizo zinazonunua sehemu ya kupanda kwa soko. Opsheni ya kununua hukupa haki ya kupokea tofauti kama fahirisi itamaliza juu ya kiwango cha leo, bila wajibu wowote kama itamaliza chini. Fahirisi ikishuka, opsheni inakufa na umepoteza ulicholipia, basi. Ukiiweka juu ya hati fungani, malipo ya siku ya mwisho yanakuwa haya:

```
malipo = 10000 + k * 10000 * max(0, S_T / S_0 - 1)
```

Hapo `S_0` ni kiwango cha fahirisi siku ya kuanza, `S_T` ni kiwango cha siku ya mwisho, na `k` ni kiwango cha ushiriki, ile asilimia 65 ya kwenye ofa. Namba 10,000 ya mwanzo ni hati fungani. Kilichobaki kulia ni opsheni, `k` mara.

Swali lenye pesa ndani yake ni hili: opsheni moja kamili ya miaka mitano, yenye kiwango cha kuanzia sawa na fahirisi ya leo, inagharimu kiasi gani? Kwa fomula ya Black na Scholes, ya mwaka 1973, tunahitaji vitu vitatu zaidi ya muda. Riba tunayo, asilimia 4. Gawio la makampuni ya fahirisi tuweke asilimia 1.3 kwa mwaka. Kuyumba kwa bei, kwa opsheni ndefu za S&P 500, tuweke asilimia 20. Jibu linatoka takriban asilimia 22 ya thamani inayolindwa, yaani dola 2,197 kwa kila dola 10,000.

Tuna dola 1,781 na opsheni kamili ni dola 2,197. Kwa hiyo tunaweza kununua asilimia 81 yake. Kiwango cha ushiriki cha haki, bila mtu katikati, ni 81. Benki inakupa 65.

Hapa wengi hulalamikia gawio. Noti hufuata bei ya fahirisi tu, na gawio la miaka mitano hulipati. Ni kweli hulipati, lakini usilihesabu kama wizi. Opsheni ni nafuu kwa sababu mwenye nayo hapati gawio, na kupungua huko kwa bei tayari kumo ndani ya zile asilimia 22. Benki hujipatia chake kwingine.

Benki inachukua kiasi gani

Opsheni ya asilimia 65 inagharimu 0.65 mara 2,197, yaani dola 1,428. Jumlisha hati fungani ya 8,219. Jumla ni dola 9,647. Umelipa 10,000, kwa hiyo dola 353, asilimia tatu na nusu, zimekwenda kwa mtengenezaji na muuzaji siku ya kwanza, kabla soko halijasogea hata hatua.

Kiasi hicho si cha kutisha kwa kazi ya miaka mitano. Ila hesabu haijaisha, na sehemu inayofuata ndiyo hasa nataka uishike. Ile 8,219 ni bei ya ahadi ya serikali ya Amerika. Wewe hukupewa ahadi ya serikali. Umepewa ahadi ya benki, na benki inapokopa kwa wawekezaji wakubwa hulipa zaidi ya serikali. Tuseme benki hii hulipa asilimia 5 kwa deni lake la kawaida la miaka mitano. Ahadi yake ya kulipa dola 10,000 basi ina thamani ya dola 7,835 leo, si 8,219. Na opsheni nayo ni ahadi yake hiyohiyo, kwa hiyo ipunguze kwa uwiano uleule. Noti nzima inashuka kutoka 9,647 hadi karibu dola 9,196.

Kwa maneno mengine, umeikopesha benki kwa riba ya serikali huku ukibeba hatari ya benki. Hiyo peke yake ina thamani ya dola 450 hivi, zaidi ya faida ile ya kwanza, na haionekani kokote kwenye kipeperushi.

Nchini Amerika, kwa matakwa ya SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji wa huko, ukurasa wa mbele wa waraka wa noti huonyesha thamani inayokadiriwa na mtoaji mwenyewe. Itafute kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Ukiona 96 au 97 kwa kila 100, kumbuka kwamba benki huwa inakokotoa kwa riba yake ya ndani, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ile inayolipa sokoni. Ichukulie namba hiyo kama makadirio ya juu.

Mtaji umelindwa na nani?

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers iliomba ulinzi wa kufilisika. Kabla ya hapo ilikuwa imetoa noti zilizouzwa kwa wateja wa kawaida na UBS nchini Amerika, zikitangazwa kuwa zinalinda mtaji kwa asilimia 100. Wenye noti hizo walijikuta kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana. Hesabu ya noti ilikuwa sahihi. Aliyeahidi ndiye hakuwepo tena. Mwezi Aprili 2011 FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa Amerika, iliitoza UBS Financial Services faini ya dola milioni 2.5 na kuiamuru iwarudishie baadhi ya wateja dola milioni 8.25 kwa namna noti hizo zilivyouzwa, ikiwemo kutowaeleza vya kutosha hatari ya mtoaji.

Mtu mwingine ambaye siku zilezile alikuwa na STRIPS upande mmoja na opsheni ya soko upande wa pili angepoteza opsheni, maana soko lilianguka vibaya, lakini hati yake ya Hazina ingelipwa kamili. Kwenye karatasi malipo ya watu hawa wawili yalifanana, na wakati soko ni shwari hakuna ambaye angeona tofauti yao.

Kuna namna moja ya noti inayopunguza hatari hii. Benki za Amerika hutoa vyeti vya amana vinavyofuata soko, vyenye muundo uleule wa vipande viwili, na mtaji wake unabimwa na FDIC, shirika la bima ya amana la Amerika, hadi dola 250,000 kwa mwekaji katika benki moja. Bima hulinda mtaji, si faida ya opsheni ambayo bado haijaingia. Ukiwa umeamua kabisa kununua kitu kilichofungwa tayari, uliza kwanza kama kipo katika sura hiyo.

Njia nne, mwisho wa miaka mitano

Jedwali hili ni la dola 10,000 kwa masharti ya mfano wetu. "Vipande viwili" ni STRIPS na opsheni kwa ushiriki wa 81. "Hati na mfuko" ni STRIPS za dola 8,219, na dola 1,781 zilizobaki zimewekwa kwenye mfuko wa kawaida wa fahirisi unaorudisha gawio ndani. "Hati tupu" ni pesa zote kwenye STRIPS.

| Fahirisi | Noti | Vipande viwili | Hati na mfuko | Hati tupu |
|---|---|---|---|---|
| −17.5% | 10,000 | 10,000 | 11,568 | 12,167 |
| 0% | 10,000 | 10,000 | 11,900 | 12,167 |
| +20% | 11,300 | 11,620 | 12,280 | 12,167 |
| +50% | 13,250 | 14,050 | 12,850 | 12,167 |
| +82% | 15,330 | 16,642 | 13,458 | 12,167 |

Safu ya kwanza na ya mwisho sikuzichagua hivihivi. S&P 500 ilifunga mwaka 1999 ikiwa 1,469 na mwaka 2004 ikiwa 1,212, kushuka kwa asilimia 17.5. Ilifunga mwaka 2019 ikiwa 3,231 na mwaka 2024 ikiwa 5,882, kupanda kwa asilimia 82. Riba za nyakati hizo hazikuwa asilimia 4, kwa hiyo usisome jedwali kama historia ya noti fulani. Lisome kama jibu la swali hili: soko likifanya tena mambo hayo, masharti ya leo yatanipa nini?

Angalia safu wima ya mwisho kwanza. Hati tupu inalipa 12,167 bila swali. Kwa hiyo noti inapokurudishia 10,000 "bila hasara", umepoteza dola 2,167 za riba ambazo ungezipata ukiwa umelala. Hiyo ndiyo bei halisi ya tiketi, na inalipwa kimyakimya. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 kwa mwaka, dola 10,000 za mwaka wa tano zina nguvu ya dola 8,626 za leo. Mtaji umelindwa kwa idadi tu.

Ili noti iipite hati tupu, fahirisi lazima ipande zaidi ya asilimia 33. Vipande viwili vinahitaji asilimia 27 tu, na hapo ndipo pengo la 65 na 81 linapogeuka kuwa kitu unachokiona.

Sasa angalia safu wima ya "Hati na mfuko", maana ndiyo inayodharauliwa sana. Hati na mfuko inalinda mtaji sawasawa na noti: hata mfuko ukifika sifuri, jambo ambalo kwa makampuni 500 halitarajiwi, STRIPS zinalipa 10,000. Inaipita noti katika kila hali hadi fahirisi ipande takriban asilimia 41. Baada ya hapo noti inashinda, na kadiri soko linavyopaa ndivyo inavyozidi kuiacha nyuma, kwa sababu opsheni imekupa mguu kwenye asilimia 65 ya soko huku mfuko umekupa asilimia 18 tu. Kwa hiyo anayechagua noti badala ya njia hii anaweka dau kwamba soko litapanda sana. Kupanda kwa wastani hakumtoshi. Mara nyingi mteja anaambiwa kinyume, kwamba noti ni kwa mtu mwoga.

Kujiundia mwenyewe kunahitaji nini

Kwa hesabu tupu vipande viwili vinaishinda noti kila soko linapopanda, na likishuka vinalingana nayo. Kikwazo ni ukubwa. Opsheni za S&P 500 zinauzwa kwenye soko la Cboe, na mkataba mkubwa, SPX, unazidisha fahirisi kwa 100. Fahirisi ikiwa 6,000, mkataba mmoja unabeba dola 600,000. Mkataba mdogo, XSP, ni sehemu ya kumi, na unabeba dola 60,000. Kwa bei yetu ya asilimia 22, opsheni moja ya XSP ya miaka mitano ingegharimu dola 13,182. Ili hizo ziwe ndizo asilimia 17.8 za mtaji wako, zilizobaki baada ya STRIPS, unahitaji jumla ya dola 74,000 hivi. Mwenye dola 10,000 hana robo ya mkataba ya kununua.

Kikwazo cha pili ni muda. SPX ina mikataba inayofika miaka kadhaa mbele, lakini wanunuzi na wauzaji wa huko mbali ni wachache, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa pana. Opsheni inayotajwa 1,280 kwa 1,360 si jambo la kushangaza. Usinunue kwa bei ya muuzaji. Weka oda yenye ukomo karibu na katikati, 1,320, na usubiri. Hata hivyo gharama itakula kidogo, na ile 81 itakuwa 78 au 79. Kwa XSP au opsheni za mfuko wa fahirisi uitwao SPY mara nyingi itakubidi ukubali muda mfupi zaidi, miaka miwili au mitatu, kisha ulinganishe na STRIPS za muda huohuo. Mpangilio wa kazi ni kuchagua kwanza tarehe ya opsheni inayopatikana, ndipo utafute hati inayoiva karibu na tarehe hiyo. Ukianza na hati utakwama.

STRIPS zenyewe hazipatikani kwenye TreasuryDirect, tovuti ambayo Hazina ya Amerika huuzia hati zake kwa watu wa kawaida. Zinanunuliwa kwa dalali. Ulizia mapato hadi kuiva baada ya makato yake, usiulize bei peke yake, maana dalali huweka faida yake ndani ya bei na kwenye risiti huoni mstari wa ada.

Anayeweza kuvuka hayo anapata kitu ambacho noti haitoi kamwe: vipande vyake vinatenganishika hata baadaye. Tuseme mwaka wa tatu fahirisi imepanda nusu. Mwenye vipande viwili anaweza kuuza opsheni, akaweka faida mfukoni, na hati ikaendelea hadi siku yake. Mwenye noti ana njia moja tu, kuirudisha yote kwa benki iliyoitoa, kwa bei ambayo benki hiyohiyo inaipanga na haijajifunga kuitoa.

Na kutoka mapema ndipo ulinzi unapovuja. Ulinzi wa noti ni wa siku ya kuiva, si wa siku nyingine. Chukua mwaka mmoja baada ya kununua, riba zimepanda hadi asilimia 6 na soko limeshuka. Kipande cha hati, kikiwa kimebakiza miaka minne, kina thamani ya dola 7,921. Opsheni nayo imepungua thamani, na haitoshi kujaza pengo. Anayehitaji pesa za msiba au ada ya mtoto wakati huo hatapata 10,000. Hati tupu nayo ingekuwa imeshuka, hilo lisifichwe, lakini ungeiuza kwenye soko lenye wanunuzi wengi, si kwa mtu mmoja.

Riba zikiwa chini, ofa hubadilika sura

Turudie hesabu kwa riba ya asilimia 1, karibu na ile ya mwaka 2012 na 2013. Hati fungani inakula dola 9,515. Zinabaki 485. Opsheni kamili, ikiwa vingine havijabadilika, ni kama dola 1,600. Ushiriki wa haki unakuwa asilimia 30, na benki bado haijachukua chake. Hakuna atakayenunua noti yenye ushiriki wa 25.

Ndipo wauzaji huanza kubadilisha vipande. Namna moja ni kulinda asilimia 90 badala ya 100. Hati inagharimu 8,563, zinabaki 1,437, na ushiriki unaruka hadi 90. Mteja anaona "ushiriki 90" kwa herufi kubwa na "ulinzi 90" kwa herufi za kawaida. Namna nyingine ni kuweka ukomo wa faida: unapata kupanda kote hadi asilimia 40, zaidi ya hapo hakuna. Kwa vipande, hiyo ni opsheni uliyoinunua, pamoja na opsheni nyingine ya kiwango cha juu uliyomuuzia benki ili kupunguza gharama. Umeuza ile sehemu ya kupaa ambayo, kama jedwali lilivyoonyesha, ndiyo sababu pekee ya kupendelea noti kuliko hati na mfuko. Noti ya mfano wetu, yenye ushiriki wa 65, inashindwa na njia rahisi hadi asilimia 41, kwa hiyo ikiwekewa ukomo fahirisi inapopanda asilimia 40 haina mahali inaposhinda. Fanya ulinganisho huo kila unapoona neno ukomo.

Namna ya tatu ni kupima fahirisi kwa wastani wa miezi ya mwisho badala ya siku moja. Wastani huyumba kidogo kuliko bei ya siku, opsheni yake ni nafuu, na ushiriki unaoandikwa unakuwa mkubwa bila wewe kupewa zaidi. Noti mbili zenye ushiriki tofauti hazilinganishiki mpaka ujue kila moja inapimwaje.

Nani achukue ipi

Mwenye chini ya dola 50,000 hivi, ninamshauri hati na mfuko bila kusita. Ni oda mbili, gharama ndogo, mtaji uko kwa Hazina, na mfuko unaweza kuuuza siku yoyote. Anayeona asilimia 18 ya soko ni ndogo na anaweza kuvumilia kushuka kidogo, apunguze hati badala ya kutafuta noti: alinde 9,000 kwa dola 7,397 na 2,603 aziweke kwenye mfuko.

Mwenye mtaji wa kutosha kwa mkataba mzima, anayeamini soko litapaa lakini hawezi kabisa kupoteza mtaji, na yuko tayari kushughulika na dalali, achukue vipande viwili. Noti ninaiona na nafasi moja ya haki: mtu wa aina hiyohiyo asiye na mtaji wa mkataba mzima, akiipata katika sura ya cheti chenye bima ya FDIC, bila ukomo wa faida, na ushiriki usioachwa mbali na ule aliokokotoa mwenyewe. Katika mfano wetu, 75 ningeikubali. 65 ningeiacha.

Kwa mlipakodi wa Amerika kuna jambo moja la kuandaa: STRIPS hutozwa kodi kila mwaka kwa riba iliyokua ingawa hujapokea senti, na noti nyingi za ulinzi wa mtaji hutozwa vivyo hivyo kwa riba ya kukadiria. Ukiweza, ziweke ndani ya akaunti ya kustaafu.

Aliyeko nyumbani hana soko la opsheni ndefu kama hizi la kununulia kipande cha pili. Dar es Salaam au Nairobi, kinachowezekana ni hati na mfuko kwa muda mfupi: dhamana ya serikali ya siku 364 kwa kiasi kitakachoiva kikawa mtaji wako wote, na tofauti iliyobaki iende kwenye hisa au vipande vya mfuko wa pamoja. Kadiri punguzo la dhamana linavyokuwa kubwa, ndivyo sehemu ya hisa inavyokua. Chukua mapato ya mnada wa mwisho, gawanya mtaji wako kwa moja jumlisha mapato hayo baada ya kodi inayokuhusu, na utajua ni shilingi ngapi ziende upande gani.